Insha Ileile Baada ya Siku Saba: Namna Mtahini Anavyoweza Kupima Kipimo Chake

Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ni mwalo ambapo dagaa na migebuka hushushwa, na ambapo mitumbwi ya abiria huondoka kuelekea vijiji vya pwani ya Ziwa Tanganyika hadi upande wa Gombe na Kagunga. Mwezi Mei 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga miongoni mwa wakimbizi kutoka Burundi, maelfu ya watu waliugua, na wengi wa wakimbizi wale walisafirishwa kwa meli ya Liemba hadi Kigoma. Mhudumu wa afya anayefanya kazi katika pwani hii hana budi kujua ugonjwa huo kwa vitendo. Ndiyo maana niliwatungia wanafunzi wangu wa uuguzi swali moja la insha lenye alama 20:

Mvuvi mwenye uzito wa kilo 60 analetwa kutoka mwalo wa Kibirizi. Ameharisha maji yanayofanana na maji ya mchele tangu usiku, macho yamebonyea, hana nguvu ya kunywa, na mapigo ya mshipa wa mkononi hayasikiki vizuri. Eleza utakayoyafanya katika saa nne za mwanzo.

Insha zilikuwa 30, nami nilizisahihisha zote kwa jioni moja. Alama ya kufaulu ilikuwa 10. Nilipomaliza niliridhika kwamba nimetenda haki, kwa kuwa nilikuwa na mwongozo wa kusahihishia mezani: alama 4 kwa kutambua ukali wa upungufu wa maji, 8 kwa aina ya maji, kiasi na muda wake, 4 kwa ufuatiliaji wa mgonjwa, na 4 kwa kinga na utoaji wa taarifa. Wiki moja baadaye niligundua kwamba mwongozo ulikuwa mmoja, lakini msomaji wake hakuwa mmoja.

Jambo hili si geni. Mwaka 1935 Philip Hartog na E. C. Rhodes walichapisha huko Uingereza matokeo ya uchunguzi wao juu ya mitihani. Insha 15 za historia zilisahihishwa na watahini 14, kisha baada ya mwaka mmoja au zaidi watahini walewale wakapewa insha zilezile. Hukumu zilikuwa 210 kwa jumla. Katika 92 kati ya hizo, mtahini alibadili uamuzi wake mwenyewe kuhusu daraja la mwanafunzi. Hapakuwa na ugomvi baina ya mtahini mmoja na mwingine. Kila mmoja alikuwa anapingana na nafsi yake ya zamani.

Mwalimu hahitaji tume ili kujipima namna hiyo. Anahitaji mambo machache, na la kwanza lazima lifanyike kabla ya kalamu kugusa karatasi. Alama zisiandikwe juu ya insha. Insha ibaki safi, bila mstari wala alama ya vema, na alama za kila kipengele ziandikwe katika karatasi ya pembeni. Majina yafichwe, kila insha ipewe namba, na ijulikane imesahihishwa ya ngapi katika rundo. Bila hayo jaribio halifai kitu, kwa sababu mtahini akiona wino wake wa wiki iliyopita hatasahihisha tena, bali atajinakili.

Baada ya usahihishaji wa kwanza, karatasi ya alama hufungwa ndani ya bahasha. Siku saba ni muda wa kadiri. Baada ya siku moja au mbili mtahini bado anakumbuka insha na alama aliyoipa. Baada ya miezi mingi huenda ameshabadili ufundishaji wake, na matokeo yenyewe yamekwisha kutangazwa, hivyo hawezi kurekebisha lolote. Siku ya saba nilichukua insha 10: tatu kutoka mwanzo wa rundo, nne kutoka katikati, na tatu kutoka mwisho. Nilizichanganya kabla ya kuzisoma. Uchanganyaji huo ndio kiini cha jaribio. Nikichoka au nikilegea katika usomaji wa pili, ulegevu huo hautaangukia kundi moja pekee, bali utasambaa kwa insha za mwanzo, za kati na za mwisho.

Haya ndiyo niliyoyapata, alama ya kwanza ikifuatwa na ya pili. Insha za mwanzo wa rundo: 9 ikawa 11, 13 ikawa 14, 8 ikawa 11. Za katikati: 12 ikabaki 12, 15 ikawa 14, 10 ikawa 11, 7 ikabaki 7. Za mwisho: 12 ikawa 9, 16 ikawa 15, 11 ikawa 9.

Hatua inayofuata ni kutoa alama ya kwanza kutoka ya pili, kwa kila insha, na kuhifadhi ishara ya kujumlisha au ya kutoa. Kutokana na tofauti hizo hupatikana vipimo viwili visivyofanana. Ukijumlisha tofauti pamoja na ishara zake na kugawa kwa idadi ya insha, unapata mwelekeo, yaani kama umekuwa mkali zaidi au mpole zaidi kwa jumla. Ukizijumlisha bila ishara, unapata ukubwa wa kuyumba. Kwangu mimi mwelekeo wa jumla ulikuwa sifuri kamili. Mtu angeishia hapo angejipongeza. Lakini kuyumba kulikuwa alama 14 kwa insha 10, yaani wastani wa alama 1.4, na ule wastani wa sifuri ulificha habari yenyewe. Insha za mwanzo zilipanda kwa wastani wa alama 2, za katikati hazikusogea, na za mwisho zilishuka kwa wastani wa alama 2. Jioni ile nilianza nikiwa mkali, nikamaliza nikiwa mpole. Hivyo ndivyo kipimo kinavyohama: polepole, bila mwenyewe kuhisi.

Kisha nilitazama mstari wa kufaulu. Insha nne kati ya kumi zilikuwa zimeuvuka. Wanafunzi wawili niliowahukumu kuwa wameshindwa walistahili kufaulu kwa usomaji wa pili, na wawili niliowafaulisha walishindwa. Hapa lazima msomaji atahadhari na njia moja inayopotosha. Wapo wanaoangalia tu kama mpangilio wa wanafunzi, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, umebaki vilevile. Iwapo mtahini ataipunguzia kila insha alama 3, mpangilio hautabadilika hata kidogo, ilhali kundi zima lililokuwa juu kidogo ya mstari litakuwa limeanguka.

Baada ya kujua kiasi cha kuhama, hubaki kujua mahali kulikotokea. Ndiyo faida ya kuandika alama kwa kila kipengele. Kutambua ukali, ufuatiliaji na kinga havikusogea sana. Takriban tofauti yote ilitoka katika kipengele cha maji. Jibu lililotakiwa ni hili: mgonjwa huyu ana upungufu mkali, hivyo apewe kwa mshipa mililita 100 za maji ya Ringa lakteti kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 60 hizo ni lita 6, yaani lita 1.8 katika dakika 30 za kwanza na lita 4.2 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Mapigo ya mkononi yachunguzwe mara kwa mara, na maji ya chumvichumvi ya kunywa yaanze mara tu atakapoweza kunywa.

Mwanafunzi mmoja wa mwanzo wa rundo alitaja lita 6 kwa usahihi lakini akakosea mgawanyo wa muda. Nilimpa 3 kati ya 8, kwa kuwa mwongozo ulikuwa bado mbichi kichwani na nilitafuta jibu kamili. Wiki iliyofuata nilimpa 6. Mwingine wa mwisho wa rundo aliandika tu kwamba mgonjwa “atundikiwe dripu haraka”. Kufikia hapo nilikuwa nimesoma maneno hayo mara nyingi sana hata yakaonekana kuwa jibu, nikampa 5. Wiki iliyofuata, kwa macho mapya, nilimpa 2.

Huyu wa pili ndiye anayeufanya usahihishaji kuwa jambo la mgonjwa pia. Chupa moja ya dripu ya nusu lita, hata ikitundikwa upesi namna gani, ni sehemu moja tu ya kumi na mbili ya maji anayohitaji mvuvi yule. Mhudumu aliyefaulu bila kujua kiasi anaweza kuitundika kwa nia njema na kuondoka, na mgonjwa akafa huku dripu ikidondoka.

Matokeo yalikuwa hayajawasilishwa, hivyo nilirekebisha mambo matatu. Kwanza, niliongeza maamuzi katika mwongozo: anayetaja maji sahihi bila kiasi asizidi 2, na anayetaja kiasi sahihi na kukosea muda asipungue 5. Pili, niliweka kando insha tatu za mfano, dhaifu, ya wastani na nzuri, ambazo sasa huzisoma tena kila baada ya insha kumi. Na badala ya kumaliza insha nzima ya mtu mmoja, husahihisha kipengele kimoja kwa wote kabla ya kwenda kingine. Tatu, kwa kuwa tofauti kubwa kabisa niliyoiona ilikuwa alama 3, kila insha iliyopata kati ya 7 na 12 ingeweza kuvuka mstari. Hizo zote alisomewa mtahini wa pili, naye hakuonyeshwa alama zangu.

Jaribio hili lina mpaka wake. Alama ya pili si ukweli ulioshuka baada ya wiki. Ni usomaji mwingine wa mtu yuleyule. Mtahini anayeamini kimakosa kwamba lita 2 zinamtosha mvuvi yule atatoa alama zilezile wiki zote mbili, na hesabu yake ya kuyumba itakuwa sifuri. Uthabiti huonyesha kwamba mizani haichezi. Kama mizani yenyewe ni sahihi, hilo litaonekana kwa kuupeleka mwongozo kwa mwenzako anayewatibu wagonjwa wa kipindupindu, kabla ya insha ya kwanza kufunguliwa.