Vitenzi vya Jana katika Ujumbe wa Kiingereza

Ujumbe wa Kiingereza unaoeleza jambo lililokwisha kutokea hutaka kila kitenzi cha tukio kibebe chenyewe alama ya wakati uliopita. Kiswahili hakidai hivyo. Msimulizi wa Kiswahili husema "nilikwenda" mara moja, kisha huendelea: nikaulizia mzigo, nikaambiwa haujafika, nikaondoka. Kiambishi -ka- hakitaji wakati. Huuchukua ule uliokwisha kutajwa na "nilikwenda" na kuusogeza mbele hatua moja. Kiingereza hakina kiambishi cha aina hiyo. Kitenzi kisichotiwa alama hakirithi wakati wa kile kilichokitangulia, bali husomwa kuwa cha sasa.

Hapo ndipo panapoeleweka kwa nini kitenzi cha kwanza mara nyingi huwa sahihi na kosa likaanzia cha pili. Mwandishi amekwisha kusema kuwa mambo ni ya asubuhi, na masikioni mwake asubuhi hiyo bado inaendelea. Matamshi nayo huchangia. Katika "asked the man", sauti ya mwisho ya kitenzi haisikiki vizuri, kwa hiyo aliyejifunza kwa kusikiliza huandika "ask" bila kuhisi kwamba pana kitu kimepungua. Kikagua tahajia cha simu kinaweza kulipita kosa hilo, maana "ask" ni neno halali lililoandikwa sawasawa.

Chukua karani wa duka aliyetumwa kwenye ofisi ya mabasi kufuata mzigo. Alifika saa mbili asubuhi, akarudi tena saa nane mchana, na saa kumi jioni akamwandikia mwenye duka:

"I went to the bus office at eight and ask for the parcel. The man says it has not arrived. I come back at two but the office is closed."

Maneno yote yanaeleweka, lakini habari imepinda. Kwa "ask" hakuna hasara kubwa, kwa kuwa "went" iko karibu na msomaji atasahihisha kichwani. Sentensi ya pili ni hatari zaidi. "Says" na "has not arrived" humfanya mwenye duka aamini kwamba hiyo ndiyo habari ya saa kumi: mzigo haujafika mpaka sasa. Kumbe ni jibu la saa mbili asubuhi, na huenda mzigo uliteremshwa saa nne. Sentensi ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. "I come back at two" inaweza kusomwa kama ratiba, yaani karani atarudi saa nane, labda kesho. "The office is closed" nayo haisemi tena kwamba mlango ulikuwa umefungwa saa nane. Inasema umefungwa sasa hivi, na mwenye duka hataona haja ya kupiga simu.

Ujumbe uliokaa sawa ni huu:

"I went to the bus office at eight and asked for the parcel. The man said it had not arrived. I went back at two but the office was closed."

Sehemu inayohitaji kutazamwa kwa utulivu ni "had not arrived". Kiswahili husema "aliniambia haujafika", na "haujafika" inabaki vilevile iwe maneno yalisemwa leo au mwaka jana, kwa sababu hupimwa kwa saa ya aliyesema. Kiingereza hupima kwa saa ya anayeandika. Jibu likiwa limekwisha kupita, "has not arrived" hurudi nyuma hatua moja na kuwa "had not arrived". Ndivyo ilivyo pia kwa "alisema anaumwa", ambayo kwa kawaida huwa "she said she was sick". Hapa pana nafasi kidogo: jambo likiwa bado ni kweli wakati wa kuandika, Kiingereza hukubali kuliacha katika wakati uliopo. "He said the road is closed" humwambia msomaji kwamba barabara bado haipitiki. Ni chaguo zuri kwa anayelichagua kwa kujua.

"Had" hiyohiyo hufanya kazi nje ya maneno yaliyonukuliwa. "Nilipofika, basi limeshaondoka" ni Kiswahili safi cha kila siku. Ukiandika "When I arrived, the bus has left", sehemu mbili za sentensi zinakuwa zimesimama katika siku mbili tofauti. Kilichotangulia huvaa "had": "When I arrived, the bus had left". Matukio yakifuatana kwa mpangilio wake, hata hivyo, "had" haihitajiki, na wanaoipachika kila mahali huufanya ujumbe uwe mzito bila faida.

Kuna kosa jingine la jirani. Watu husema "nimetuma hela jana", na mara moja Kiingereza kinakuwa "I have sent the money yesterday". Kiingereza sanifu hakiweki "have sent" pamoja na saa au siku iliyokwisha. Ikitajwa jana, kitenzi ni "sent". Isipotajwa siku yoyote na jambo muhimu ni kwamba hela zimekwenda, "I have sent the money" ni sahihi kabisa.

Kulinganisha nyakati, basi, si kuvisukuma vitenzi vyote katika wakati uliopita. Baada ya "did" na "to" kitenzi hubaki kitupu, kwa sababu wakati umekwisha kubebwa na mwenzake: "I did not see him", "I went to ask". Anayeogopa kosa la kwanza huangukia la pili na kuandika "I did not saw him". Pia vipo vitenzi kama "put" na "cut" ambavyo havibadiliki umbo, hivyo "I put the key on the table" huelewekea siku yake kutokana na vitenzi vya jirani, au kwa kutaja saa.

Namna ya kujikagua kabla ya kutuma ni kupita kwenye vitenzi peke yake, kimoja baada ya kingine, na kuuliza: hili lilikuwa limekwisha nilipoanza kuandika? Katika ujumbe wa karani, kwenda, kuulizia, kujibiwa, kurudi, na ofisi kufungwa vyote vilikuwa vimekwisha. Hakuna hata kimoja kinachostahili wakati uliopo. Jaribio hilo ni bora kuliko kukariri kanuni, kwa kuwa linakwenda moja kwa moja kwenye tukio.

Jibu likiwa "bado", kitenzi hubadilika na hakuna kosa. Karani akitaka kumaliza kwa hali ilivyo na ombi, ataongeza: "I still do not have the parcel. Please call them tomorrow." Neno "still" linamwonyesha msomaji kwamba masimulizi yamekwisha na sasa anaelezwa hali ya saa kumi, na "tomorrow" linapeleka ombi mbele. Mabadiliko yakitangazwa kwa neno kama hayo, hayamchanganyi mtu. Yanayochanganya ni yale yanayotokea katikati ya tukio moja, kati ya "went" na "ask", pale ambapo saa haijabadilika hata kidogo.