Nani Mwenye Kuzika?

Silvano Melea Otieno, wakili wa kesi za jinai aliyejulikana kote Nairobi kwa herufi mbili tu, S.M., alifariki dunia tarehe 20 Desemba 1986. Hakuacha wosia wa maandishi. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, ambako yeye na mumewe walikuwa na shamba. Ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, akisimama pamoja na Omolo Siranga wa ukoo wa Umira Kager, alitaka mwili upelekwe Nyalgunga, Siaya, kwenye boma la baba yao. Matangazo ya vifo redioni yakaanza kupingana: hili linawaita waombolezaji Matasia, lile Nyalgunga. Mwili ukabaki mochari Nairobi kwa zaidi ya miezi mitano.

Wakenya wenye umri wa kutosha bado wanaikumbuka kesi hiyo. Waliojaa mahakamani na kugombania magazeti kila asubuhi waliiona kama vita vya makabila, kwa kuwa Wambui alikuwa Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki wa Hinga na mumewe alikuwa Mjaluo. Ukabila ulikuwamo, hilo halina ubishi. Lakini ukiiondoa sehemu hiyo, linabaki swali ambalo hadi leo linazipeleka familia mahakamani, zikiwamo za watu wa kabila moja na dini moja: mtu akifa, mwenye kuamua ni aliyeishi naye au ni waliomzaa?

Wambui alikuwa na hoja ambazo mtu wa mjini huona zinatosha. Walifunga ndoa mwaka 1963 chini ya sheria iliyoandikwa, si ya kimila. Wakaishi Nairobi na kulea watoto huko. Mume alipenda Shakespeare na tamthilia za televisheni za wakili Perry Mason, na maisha yake hayakufuata desturi za ukoo. Zaidi ya hayo, Wambui alisema, mumewe alimwambia kwa kinywa chake kwamba anataka kuzikwa Matasia, na ikishindikana, makaburi ya Lang'ata.

Upande wa ukoo haukuhangaika sana kukanusha kwamba Otieno aliishi kisasa. Ulisema tu kwamba jambo hilo halina uzito. Mtu huzaliwa Mjaluo na hufa Mjaluo, na Mjaluo huzikwa kwao. Mashahidi walieleza jinsi boma linavyoanzishwa: mwanamume hutoka kwa baba yake akisindikizwa na baba huyo au amu, mwana wa kwanza akiwa na jogoo na shoka, mke akiwa na moto. Bila hatua hizo, walisema, nyumba ya Nairobi, iwe na vyumba vingi kiasi gani, ni mahali pa kulala tu. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanafalsafa aliyetumia miaka mingi kuandika fikra za wazee wenye hekima, alikuja kueleza mila hizo. Naye mchimba makaburi wa kijijini alisema marehemu aliwahi kumwambia kwamba siku yake ikifika amchimbie kando ya baba yake. Kwa hiyo mahakama ilikuwa na maneno mawili ya marehemu yanayopingana, na mwenyewe hayupo wa kuulizwa.

Mwanzoni Wambui alishinda. Jaji Frank Shields alimpa nafasi ya kuzika, lakini Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo na kuagiza kesi isikilizwe kwa ukamilifu. Jaji S.E.O. Bosire aliisikiliza na kutoa hukumu tarehe 13 Februari 1987: mwili uzikwe Nyamila, Nyalgunga. Wambui akakata rufaa, na tarehe 15 Mei majaji watatu wakaitupilia mbali. Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, mjane wake akiwa hayupo.

Sababu za majaji ndizo zenye kufaa kueleweka, kwa kuwa nyingine zimebaki kwenye sheria hadi leo. Ya kwanza ni kwamba maiti si mali. Haiuzwi, hairithiwi, wala haigawanywi pamoja na shamba na akaunti ya benki. Hapo ndipo wajane wengi wanapopigwa na butwaa. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilikuwa tayari inampa mjane nafasi ya mbele katika kusimamia mali ya mumewe. Wambui angeweza kusimamia nyumba na shamba, lakini si mwili. Isitoshe, msimamizi wa mirathi hupata mamlaka pale mahakama inapompa barua za usimamizi, jambo linalochukua miezi, na maiti haisubiri miezi.

Ya pili ni kwamba matakwa ya marehemu hayaifungi mahakama. Jaji huyasikiliza na kuyapa uzito, hasa yakiwa yameandikwa, lakini anaweza kuyaacha. Hata sentensi iliyoandikwa ndani ya wosia, "nizikwe mahali fulani", haina nguvu sawa na sentensi ya "shamba apewe fulani". Nadhani wengi wanaoandika wosia hawaambiwi jambo hili.

Ya tatu ilikuwa mila yenyewe. Sheria inayoongoza mahakama za Kenya inaziagiza zifuate mila pale zinapohusu, mradi haziendi kinyume cha haki na maadili wala sheria iliyoandikwa. Kwa kuwa hakukuwa na sheria iliyoandikwa ya kusema nani azike, mila za Wajaluo zikaingia kujaza pengo. Majaji walisema Mwafrika wa Kenya hawezi kujivua uhusiano na kabila la baba yake. Elimu na ndoa ya cheti havikumtoa Otieno kwao.

Hii ya tatu ndiyo iliyolegea zaidi tangu wakati huo. Mwaka 2004, katika kesi ya mjane mwingine, Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu alisema mwenye wajibu wa kwanza wa kuzika ni yule aliyekuwa karibu zaidi na marehemu kisheria, na kwa kawaida ukaribu huo hupatikana ndani ya ndoa. Swali likahama: badala ya kuuliza marehemu ni wa ukoo gani, jaji anauliza nani alikuwa karibu naye. Katiba ya mwaka 2010 ikalisukuma zaidi. Inasema mila isiyopatana na Katiba ni batili, na kwamba wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa ndani yake, na inapovunjwa. Lakini Katiba hiyo hiyo inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, kwa hiyo wakili wa ukoo bado ana kifungu cha kushika.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao haumhusu yeyote aliye hai wala aliyekufa. Mwalimu anafariki Nakuru. Mkewe wameishi naye miaka kumi na miwili na wana watoto watatu, ila harusi haikufanyika. Mahari ilitolewa nusu, iliyobaki ikaahidiwa. Mama wa marehemu na mashemeji wanataka mwili upelekwe Vihiga. Mjane anataka kuzika kwenye kiwanja walichonunua pamoja.

Mochari haitoi mwili bila kibali cha mazishi, na kibali hutolewa kwa anayekwenda kuandikisha kifo. Shemeji akitangulia na kitambulisho cha marehemu, karatasi inakuwa mkononi mwake. Kibali hicho hakimpi haki yoyote dhidi ya mjane, lakini kinampa gari la maiti. Mjane inampasa akimbilie mahakamani chini ya hati ya dharura, aombe amri ya muda ya kuzuia mwili usitolewe, kisha aifikishe mochari siku hiyo hiyo. Amri iliyo ndani ya mkoba wa wakili haimzuii mtu.

Kesi ikianza kusikilizwa, jambo la kwanza atakaloulizwa si kama alimpenda mumewe. Ataulizwa kama alikuwa mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka hata ndoa ya kimila iandikishwe, na wengi hawajaandikisha. Upande wa pili utasema mahari haikukamilika, kwa hiyo huyu ni mwanamke aliyeishi na ndugu yetu tu. Hapo ndipo ushahidi mdogo mdogo unapoamua: wazee waliohudhuria siku ya mahari, picha za siku hiyo, jina lake kwenye kadi ya bima ya marehemu kama mke, fomu za shule za watoto, risiti za hospitali zenye sahihi yake. Wakwe nao huja na kijitabu cha mazishi ya baba mkwe. Mara nyingi kinaorodhesha wakaza wana wote, na jina lake limo. Kijitabu kilichochapwa na familia yenyewe ni vigumu kukikana.

Jambo la pili ni mwenendo. Majaji wameshakataa kumpa mume au mke haki ya kuzika kwa sababu tu ya cheti, pale ilipoonekana walitengana zamani na mwingine ndiye aliyemuuguza marehemu hadi mwisho. Mjane wetu aliyekesha hospitali anasimama vizuri. Angekuwa alirudi kwao miaka mitano iliyopita, mama mkwe angekuwa na hoja nzito. Wake wakiwa wawili, kila mmoja na nyumba yake, hesabu inakuwa ngumu zaidi, na hapo ukoo hupata mwanya wa kuingia kama msuluhishi.

Nyuma ya haya yote huwa kuna ardhi. Kaburi la mwanamume kwenye kiwanja cha mkewe humtia nguvu mjane, kwa kuwa ni vigumu kumfukuza mtu kutoka mahali alipomzika mumewe. Likiwa kwenye boma la wazazi, ndugu husema kwao kulikuwa huku, na watoto wakitaka kitu waje huku. Kisheria kaburi si hati ya kumiliki, lakini kijijini linasomwa kama hati.

Pwani mvutano huu haupati nafasi ya kukua, kwa kuwa Waislamu humzika maiti haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo na hapo hapo alipofia. Mochari yenye barafu ndiyo inayoupa ugomvi muda. Nayo hutoza kwa siku, na atakayelipa mara nyingi huamuliwa kwenye kesi hiyo hiyo.

Ndiyo maana majaji wengi, kabla ya kusikiliza shahidi hata mmoja, huwarudisha wanafamilia wakazungumze, na Katiba inawaruhusu kutumia wazee mradi haki za mtu zisikanyagwe. Makubaliano yanayodumu huwa ya vipande: mjane anazika kwenye kiwanja chake, ukoo unafanya matambiko yake mwili ukipitia nyumbani kwa mama, jeneza linanunuliwa na huyu, mochari inalipwa na yule. Yakiandikwa na kuwekwa mbele ya jaji, yanakuwa amri ya mahakama.

Yakishindikana, muda una uzito kuliko hoja. Mwili ukishafukiwa, kuufukua kunahitaji kibali maalumu na sababu nzito, na majaji huona ugumu mkubwa kumsumbua maiti hata pale aliyezika alipozika bila haki. Mjane anayeahirisha kwenda mahakamani hadi Jumatatu, huku mazishi yakitangazwa Jumamosi, anaweza kushinda kesi yake na mumewe akabaki Vihiga.