Moto, moyo na saa ya mchanga: alama za Snapchat zinahesabu nini

Kando ya jina la rafiki kwenye Snapchat unaweza kuona emoji ya moto na namba ubavuni mwake. Namba ikiwa 61, maana yake ni kwamba kwa siku 61 mfululizo umemtumia mtu huyo picha au video, naye amekutumia, bila siku kukatika. Maana inaishia hapo. Moto haujui mlicheka au mlinuniana, haujui kama ulikuwa unaumwa na rafiki akakujulia hali, wala haujui kama picha ile ilikuwa ya uso wako au ya dari ya chumba. Hata hivyo namba hiyo inapopotea usiku mmoja, wapo vijana wanaolia, na wapo wanaonuniana wiki nzima. Ndiyo maana inafaa kujua kwa undani kila alama inahesabu kitu gani, kwa kuwa maumivu mengi hutoka kwenye kusoma alama moja kana kwamba ni nyingine.

Snapchat ilianza mwaka 2011, ikiwa programu ya kutumiana picha zinazofutika zikishatazamwa. Hapo mwanzo ilikuwa na orodha ya marafiki wa karibu iliyoonekana na watu wengine. Mtu yeyote uliyeunganishwa naye aliweza kufungua ukurasa wako akaona unawasiliana zaidi na nani, na ugomvi wa wapenzi na mashoga ulipata chanzo kipya. Orodha hiyo iliondolewa Januari 2015. Aprili mwaka huohuo zikaja emoji tunazozijua leo, ambazo tofauti yake kubwa ni kwamba kila mtu huziona kwenye simu yake peke yake.

Tuanze na moto, ambao vijana huuita striki. Hauwaki siku ya kwanza. Ni lazima watu wawili watumiane kwa siku tatu mfululizo ndipo utokee, na tangu hapo kila mmoja anatakiwa kutuma angalau mara moja ndani ya kila saa 24. Mmoja akituma mara kumi na mwenzake asitume, haisaidii. Na kinachohesabiwa ni kile tu kilichopigwa kwa kamera ya Snapchat na kutumwa moja kwa moja kwa mtu huyo. Maandishi hayahesabiwi. Picha uliyoweka kwenye stori haihesabiwi, hata kama rafiki ameitazama. Uliyotuma kwenye kundi haihesabiwi, wala picha ya zamani uliyoitoa kwenye hifadhi ya Memories.

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo tufuate mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme binti mmoja yuko Unguja na binamu yake anaishi Maskati, na moto wao umefika siku ya 58. Asubuhi binamu anarekodi video fupi akiwa njiani kwenda chuo, anamtumia. Jioni binti wa Unguja yuko Forodhani, anapiga picha ya bakuli la urojo na kuiweka kwenye stori. Binamu anaiona na kumwandikia, “Umenitamanisha, dada.” Binti anajibu, na wawili hao wanaandikiana kwa nusu saa nzima, habari za nyumbani, bibi anavyoendelea, harusi inayokuja. Wanaagana wakiwa wameridhika. Baadaye usiku, kando ya moto inatokea saa ya mchanga.

Kila mmoja anashangaa. Binamu anajua ametuma video asubuhi, tena binti aliitazama. Binti anajua wamezungumza jioni yote na picha yake imeonekana. Kwa mizani ya kibinadamu, siku ile walikuwa karibu kuliko siku nyingine nyingi. Kwa hesabu ya programu, binti wa Unguja hajatuma kitu.

Saa ya mchanga inasema jambo moja tu, kwamba muda unakaribia kwisha na zamu ya mmoja au ya wote wawili haijatimia. Haisemi zamu ya nani, na haionyeshi zimebaki saa ngapi. Tena wote wawili wanaiona. Nadhani huu ndio upungufu wake mkubwa, maana yule aliyekwisha kutuma anaiona kama dalili kwamba mwenzake hajali, na yule asiyejua kanuni anaiona kama kosa la mwenzake. Wote wanakaa kimya wakisubiriana, na moto unazimika.

Kuna njia rahisi ya kujua mambo yamesimama wapi, nayo ni kuangalia rangi ya alama ndogo iliyo chini ya jina la rafiki. Mshale ni kitu ulichotuma wewe, na mraba ni kitu ulichopokea. Rangi nyekundu ni picha au video isiyo na sauti, zambarau ni video yenye sauti, na bluu ni maandishi. Binti wa mfano wetu angetazama angeona bluu tu kutoka upande wake tangu asubuhi. Kwa kuwa alama hiyo huonyesha tukio la mwisho pekee, ni vizuri kufungua mazungumzo yenyewe kutafuta nyekundu au zambarau iliyotoka kwako. Na ukiwa mahali penye mtandao dhaifu, au bando limeisha katikati, hakikisha picha imeondoka kweli. Picha iliyokwama kwenye simu yako haijamfikia mtu.

Kwa kuwa kanuni inaangalia tendo la kutuma bila kujali kilichotumwa, watu wamejifunza kuitimiza kwa gharama ndogo kabisa. Wengi huamka, hupiga picha nyeusi au ya ukuta, huandika herufi S juu yake, na kuituma kwa kila mwenye moto kwenye orodha kwa mkupuo mmoja. Ukipokea picha ya namna hiyo kila siku kwa miezi miwili, una namba 60 na hujaambiwa kitu. Simlaumu anayefanya hivyo, kwani mara nyingi ni njia ya kumwambia mwenzake kwamba hajamsahau. Lakini anayeipokea anapaswa kujua kwamba namba ile inapima mazoea. Mazoea yana thamani yake katika urafiki, ila mtu anaweza kuwa na mazoea na watu ishirini na asiwe na hata mmoja wa kumpigia simu akifiwa.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni lile la nywila. Mtoto anayesafiri kwenda kijijini kusiko na mtandao, au anayenyang'anywa simu wakati wa mitihani, humpa rafiki nywila yake ili amtunzie moto. Anayepewa nywila hapati moto tu. Anapata mazungumzo yote, picha zote zilizohifadhiwa, na uwezo wa kuandika kwa jina la mwenye akaunti. Urafiki ukivunjika, vitu hivyo havirudi. Mzazi anayetaka kuuliza jambo moja tu kuhusu moto, na aulize hili.

Shinikizo hili limetazamwa na wakubwa pia. Januari 2018, ofisi ya Kamishna wa Watoto wa Uingereza ilitoa ripoti iliyotokana na mazungumzo na watoto wa miaka 8 hadi 12, ambamo striki zilitajwa miongoni mwa mambo yanayowafanya wajione wanalazimika kuingia mtandaoni kila siku. Julai 2019, Seneta Josh Hawley wa Marekani aliwasilisha muswada uliotaka kupiga marufuku zawadi za aina hii. Haukupita. TikTok nayo baadaye ilianza kuonyesha moto kwa watu wanaoandikiana siku tatu mfululizo.

Sasa tuje kwenye mioyo, ambayo inahesabu kitu tofauti kabisa. Snapchat hupanga hadi watu wanane unaowasiliana nao zaidi, na hapa maandishi yanaingia kwenye hesabu pamoja na picha. Moyo wa njano unamaanisha kwamba wewe ni wa kwanza kwake na yeye ni wa kwanza kwako. Mkikaa hivyo wiki mbili mfululizo unageuka mwekundu, na mkifikisha miezi miwili inakuwa mioyo miwili ya waridi. Moto hauna mpinzani, kwani unaweza kuwa na moto na watu thelathini kwa wakati mmoja. Moyo ni nafasi, na nafasi ya kwanza ni moja. Mtu anaweza kuupoteza moyo bila kupunguza hata meseji moja, kwa sababu tu mwenzake ameanza kuwasiliana zaidi na mtu mwingine.

Alama inayofichua mengi kuliko zote ni uso uliokenua meno. Ukiuona kando ya jina la mtu, maana yake rafiki yako wa kwanza ndiye rafiki yake wa kwanza pia. Turudi kwa binti wetu wa Unguja. Ana moyo wa njano na binamu wa Maskati, na kando ya jina la jirani yake ameuona uso wa meno. Hapo anajua mambo mawili. Kwanza, jirani anamweka binamu yuleyule nafasi ya kwanza. Pili, binamu hamweki jirani nafasi ya kwanza, kwa sababu nafasi hiyo ameishika binti mwenyewe. Jirani kwa upande wake anaona uso wa meno kando ya jina la binti, lakini haoni moyo kando ya jina la binamu. Anajua kwamba wa kwanza wake hamweki yeye wa kwanza, na anajua nani mwingine anamtaka huyo huyo. Programu imemwambia bila maneno jambo ambalo binamu mwenyewe huenda asingelisema maishani.

Snapchat iliwahi kuwa na uso wa kutabasamu kwa upande mmoja, uliosema waziwazi kwamba wewe ni miongoni mwa marafiki wa karibu wa mtu fulani ilhali yeye si miongoni mwa wako. Uliondolewa baadaye, na nafikiri ilikuwa sawa kuuondoa. Uso wa meno nao ningeutamani uondoke.

Kumbuka pia kwamba mtu anaweza kubadilisha emoji hizi kwenye mipangilio, chini ya `Friend Emojis`. Mahali unapoona moto, mwenzako huenda amejiwekea ua. Kwa hiyo usihukumu kwa kuchungulia simu ya mtu mwingine.

Moto ukishazimika, siku hizi Snapchat hutoa nafasi ya kuurejesha kwa muda mfupi, mara ya kwanza bure na zaidi ya hapo kwa malipo. Wawili wa mfano wetu wakiamua kutoutumia, namba 58 itatoweka na wataanza tena kuhesabu siku tatu. Moyo wao wa njano utabaki palepale, kwa kuwa nusu saa ile ya kuandikiana habari za bibi na harusi ilihesabiwa.