Wimbo ni Mzuri, Lakini Je, Unaiafiki Sauti Yako?

Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Msemo huu niliukumbuka usiku mmoja katika harusi ya hapa Mombasa, alipopanda jukwaani kijana mmoja ambaye mtaani kwao anasifika kwa uimbaji. Aliomba apigiwe wimbo wa taarabu ulioimbwa na mwanamke, wimbo aupendao tangu utotoni. Ubeti wa kwanza aliuanza vyema. Ulipofika mkarara, shingo ilimsimama mishipa, kidevu kikapanda juu, na sauti ikamkatika katikati ya neno. Akashuka, akaanza upya kwa sauti nene ya chini. Mara hii hakupasuka, bali maneno yalimezwa na ngoma hata waliokaa safu ya mbele hawakuyasikia. Siku ya pili hakuweza hata kuitikia salamu.

Watu walisema kijana hana sauti. Waama, sauti anayo. Lililomponza ni kuuchukua wimbo pale pale alipouweka mwenyewe, na hali koo zao si moja.

Msomaji mpenzi, sauti hutoka kwenye nyuzi mbili ndogo zilizomo kooni, ambazo hutikisika pumzi inapopita. Nyuzi fupi na nyembamba hutikisika upesi zaidi, na sauti ikawa ya juu. Ndefu na nene hutikisika polepole, na sauti ikawa ya chini. Mvulana anapobaleghe nyuzi hizi hurefuka na kunenepa, ndiyo sababu sauti yake huvunjika. Kijana wa umri huo asipangiwe aina ya sauti kwa haraka, kwani bado inatafuta mahali pa kutua.

Wataalamu wa muziki wamezigawa sauti za wanawake mafungu matatu makubwa: soprano, iliyo ya juu, mezo-soprano, ya kati, na kontralto, ya chini. Za wanaume ni tena, baritoni na besi. Watu wengi huangukia kwenye zile za kati. Mathalan, Ummu Kulthumu wa Misri, aliyefariki mwaka wa 1975, alikuwa na sauti nzito ya kike. Na katika nyimbo za filamu za Kihindi, ambazo mahadhi yake yameingia sana katika taarabu ya Mombasa, Mohamedi Rafi alipaa juu kwa wepesi, lakini Mukeshi alipendeza zaidi akitulia chini. Mwenye koo la Mukeshi akimfuata Rafi hatua kwa hatua, atachoka kabla ya wimbo kwisha.

Kijana wetu alimwendea maalimu mmoja mpiga kinanda.

"Maalimu, koo langu limeharibika," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Koo lako lipumzishe kwanza, mwanangu. Likipona tutalipima."

Baada ya siku kadhaa alirudi, sauti imetulia. Maalimu alimwambia aje alasiri, maana mtu aliyetoka usingizini sauti yake huwa nene kuliko desturi na kipimo hudanganya. Alimfanya avume midomo ikiwa imefumba kwa dakika chache, kisha akamwonyesha Do ya kati, ile iliyo karibu na katikati ya kinanda. Kutoka hapo walishuka kibonyezo kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi pamoja, kijana akifuata kwa kutamka "aa". Alipofika kibonyezo cha 15 chini ya Do ya kati, ilibaki pumzi na mkwaruzo tu. Walipopanda alifika cha 7 juu yake, kisha sauti ikageuka ghafla ikawa nyembamba ya kuigiza.

Huo ndio upeo wake wote, lakini maalimu hakutosheka nao. Alimtaka arudie, mara hii akiimba maneno ya ubeti badala ya "aa", na kwa nguvu ya kawaida. Hapo eneo lilipungua. Maneno yalisikika wazi kuanzia kibonyezo cha 12 chini ya Do ya kati hadi cha 4 juu yake. Hilo ndilo eneo la kazi. Ukingoni mwa upeo mtu hugusa na kuondoka tu, bali katika eneo la kazi anaweza kukaa usiku kucha. Kijana akaambiwa sauti yake ni baritoni.

Kisha wakaupima wimbo. Mwimbaji yule wa kike huanzia kibonyezo cha 3 chini ya Do ya kati na kupanda hadi cha 12 juu yake. Kijana mwisho wake ni cha 7, kwa hivyo mkarara ulimshinda kwa vibonyezo 5 kamili. Aliposhuka, alishuka Do nzima, yaani vibonyezo 12, kama wafanyavyo wanaume wengi bila kujua. Wimbo ukawa unaanzia cha 15 chini, penye mkwaruzo mtupu, na kuishia kwenye Do ya kati yenyewe. Huku juu palikuwa na nafasi ambayo hakuitumia.

Dawa yake ilikuwa kupandisha vibonyezo 3 kutoka hapo. Sasa wimbo unaanzia cha 12 chini na kuishia cha 3 juu, wote umo ndani ya eneo lake la kazi. Mahadhi ni yale yale, ila yamehamishwa kitako.

Hata hivyo, kipimo hicho peke yake hakitoshi. Nyimbo mbili zaweza kuwa na mwanzo na mwisho mmoja, lakini moja ikagusa juu mara moja tu na nyingine ikakaa huko ubeti mzima. Hii ya pili ndiyo inayochosha. Aidha, tazama vina. Mashairi yetu huvuta sauti mwishoni mwa mshororo, na wengi huona "i" na "u" zikiwabana koo pakiwa juu, ilhali "a" hufunguka. Kina cha "-ni" kikiangukia mahali pa juu pa kuvutwa, afadhali ushushe kibonyezo kimoja zaidi.

Jambo jingine ni ala. Kinanda cha umeme huhamishwa kwa kubonyeza, na mpiga akodioni hubadilisha vidole. Lakini kanuni hutengenezewa sauti zake mapema, na udi huenda ukahitaji kukazwa au kulegezwa nyuzi. Maqamu kama Rasti na Bayati yana sauti zilizo baina ya vibonyezo viwili, hivyo hayahamishiki popote bila matayarisho. Basi mwambie kiongozi wa kikundi siku kadhaa kabla ya shughuli, si jukwaani. Hali kadhalika katika kaswida: anayeanzisha akianza juu kwa kupendeza koo lake, waitikiaji wote hukwama kwenye kiitikio. Na ajaribu kwanza kimoyomoyo mahali pa juu kabisa, ndipo aanze.

Dalili za wimbo usiokuafiki ni hizi: kidevu kupanda, kulazimika kupiga kelele ili ufike, na koo kuwasha baada ya ubeti mmoja au miwili. Ukiziona, hamisha wimbo au chukua mwingine. Na mkwaruzo ukizidi wiki tatu, hilo si la maalimu tena. Mwone daktari wa koo.

Kijana yule aliimba tena wimbo ule ule katika harusi ya dadake. Hakuna aliyetambua kwamba umehamishwa, ila bibi mmoja mzee aliyemwuliza mwenzake, "Mwana huyu maneno yake leo mbona yote twayasikia?"