Mgeni wa Pembeni, Bibi wa Katikati

Picha tuliyopiga harusini kwa binamu yangu ina watu watano wa familia, bibi akiwa katikati, na wa sita tusiyemjua. Alikuwa akipita, bega lake likajificha nyuma ya mkono wa shangazi, upande wa kulia kabisa.

Kwanza nilivuta ukingo wa kulia tu mpaka mgeni akatoweka. Picha ikaelemea upande mmoja. Ilikuwa na upana wa pikseli 4000. Nilipoikata kwenye 3200, kushoto kwa mjomba palibaki ukuta mtupu wa pikseli 600, na bibi akasogea kulia kwa pikseli 350 kutoka katikati. Kumbe mgeni yule ndiye aliyekuwa akijaza upande wake, ukuta ukijaza wa pili. Ukuta ule ungevumilika kama watu wangekuwa wanatazama kushoto, maana macho yao yangeupa kazi. Lakini wote waliitazama kamera.

Shida ya pili ni mkono wa shangazi. Kwa kuwa bega la mgeni liligusana nao, sikuweza kumwondoa mgeni bila kuukata. Hapa ndipo wengi hukosea, wakikata kwenye kiwiko au kifundo, na mtu akaonekana kama kiungo kimeng'oka. Nilikata katikati ya bega na kiwiko, ambako jicho huuendeleza mkono lenyewe. Halafu nikamkata mjomba vivyo hivyo upande wa kushoto, kwenye pikseli 700, ijapokuwa yeye hakuwa na tatizo lolote. Mkono mmoja uliokatwa huonekana ajali. Ikikatwa miwili, kila upande mmoja, mtazamaji huona kwamba mpigapicha alisogea karibu. Bibi akarudi katikati kamili.

Sasa picha ilikuwa na upana wa 2500 na kimo kilekile cha 3000, ndefu kama mlango, dari tupu juu na sakafu chini. Nilichagua uwiano wa 3 kwa 2, ule wa picha za inchi 6 kwa 4, kimo kikawa 1667. Juu ya vichwa niliacha nafasi kidogo, na chini nikakata katikati ya paja, mbali na magoti. Kivuli cha mgeni kilichokuwa miguuni pa shangazi kikaondoka na sakafu. Kingelala kwenye gauni lake, kukata kusingesaidia.

Kwa kuchapa vizuri ukubwa huo zinatosha pikseli 1800 kwa 1200, kwa hiyo nilikuwa na akiba. Nakala iliyopita WhatsApp huwa imeshapunguzwa, isingekuwa na akiba hiyo. Niliikata ile ya kwenye simu iliyopiga.

Viatu vya bibi, alivyovinunulia harusi ile, navyo vimekatwa. Kwa ajili yake niliihifadhi hii kama nakala, na ile nzima, yenye mgeni wake, ipo palepale.