Simu Inapodhani Imechomekwa Hedifoni

Dereva wa bodaboda anawasha ramani imwelekeze njia, lakini simu iko kimya. Sauti ameipandisha hadi mwisho. Juu ya kioo, karibu na alama ya betri, kuna kialama cha hedifoni, ilhali hajachomeka kitu tangu asubuhi. Cha ajabu, mteja akimpigia, simu inaita kama kawaida.

Mlio huo ni ushahidi mzuri. Simu nyingi za Android hutoa mlio wa kupigiwa na kengele ya kuamsha kupitia spika hata hedifoni zikiwa zimechomekwa, lakini muziki na video huzipeleka masikioni tu. Spika ni nzima. Simu ndiyo imedanganyika.

Ndani ya tundu la duara la milimita 3.5 mna vibati vyembamba vinavyonesa. Pini ya hedifoni ikiingia, hukisukuma kimojawapo, na simu huhamisha sauti hapo hapo. Nyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa na vumbi, au unyevu wa jasho na mvua, vinaweza kuleta matokeo yale yale. Simu zinazopokea hedifoni kupitia tundu la chaji nazo zinaweza kupatwa na hali hiyo.

Kwanza azime Bluetooth, maana huenda sauti inakwenda kwenye spika ya jirani. Kisha achomeke hedifoni hadi mwisho na kuzichomoa mara kadhaa. Kibati kilichokwama huweza kurudi mahali pake.

Kialama kikibaki, simu izimwe kabisa na tundu limulikwe kwa tochi. Kijiti cha meno cha mbao, kikavu, kipitishwe taratibu pembeni ili kuvuta uchafu nje, si kuusukuma ndani. Pini ya chuma haifai, kwani hupinda vibati. Kupuliza kwa mdomo nako huongeza unyevu. Ikiwa tundu limenata, pamba kidogo iliyozungushiwa kijiti na kuloweshwa spiriti kidogo sana itasaidia, mradi tundu likauke kabla simu haijawashwa. Kwenye tundu la chaji la USB-C, kiulimi cha katikati kisiguswe.

Kuwasha simu upya huifanya ikague tundu tena na kuanzisha mfumo wa sauti mwanzo. Kama tundu ni safi na kialama hakiondoki, kwenye Samsung kuna `Reset all settings` ndani ya `General management`, sehemu ya `Reset`. Hatua hiyo hurudisha mipangilio ya kiwandani bila kufuta picha wala namba za watu. Isichanganywe na `Factory data reset`, ambayo hufuta kila kitu.

Kialama kikiwaka na kuzimika simu inapotikiswa, kibati kimepinda au kutu imeingia. Hapo ni kazi ya fundi. Aulizwe kwanza kama tundu liko kwenye kibao kidogo kinachobadilishwa peke yake au limechomelewa kwenye bodi kuu, kwa sababu gharama hutofautiana sana.