Je, Wajua? Neno la Kwanza la Mtongozo, Kutoka Saza Hadi Xi'an

Kijana wa Saza, kule kwenye dhahabu ya Lupa wilayani Songwe, anaweza leo kumwandikia dada wa Tunduma, wa Lusaka au wa Muscat bila kutoka kitandani. Ujumbe unafika kwa sekunde moja. Utakavyopokelewa ni habari nyingine, na habari hiyo ina maajabu mengi.

"Shikamoo" yaweza kufunga mlango kuliko "sikutaki"

Kaka anaandika: "Mambo mrembo, naweza kukufahamu?" Dada anajibu kwa neno moja: "Shikamoo." Hakuna tusi hapo, wala hajakataa kitu, lakini mazungumzo yameisha. Ameshamhamishia yule kaka kwenye benchi la wajomba na baba wadogo. Akijibu "Marahaba", ameupokea ujomba mwenyewe. Akijitetea kwamba bado kijana, ameanza kubembeleza kabla hata hajaulizwa jina.

Ukivuka mpaka kuingia Nakonde, mtego uko upande mwingine. Kiswahili kinamwambia mtu mmoja "u hali gani" bila taabu, lakini katika Kibemba na Kinyanja mtu mzima, mgeni au mkwe husalimiwa kwa wingi, kana kwamba wako wengi. Kwa hiyo kijana wa Tunduma anayemwandikia mgeni "Uli bwanji" badala ya "Muli bwanji" anakuwa amejifanya mwenyeji kabla hajakaribishwa. Herufi moja tu, na tayari ameonekana ama mchangamfu sana ama hana adabu.

Babu anaruhusiwa kusema ambayo kijana akisema ni kesi

Katika nyumba nyingi za Tanzania babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", akamlalamikia kwamba siku hizi hampikii, akamwonea wivu na wachumba zake mbele ya ukoo mzima. Wote wanacheka. Maneno hayohayo akiyasema jirani, kikao cha familia kinaitishwa jioni hiyohiyo. Huo ndio utani, nao ni kibali kamili chenye mipaka inayojulikana: babu na mjukuu, shemeji na shemeji, binamu na binamu, kisha kabila na kabila.

Utani wa makabila ndio unaonishangaza zaidi. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani: Mngoni anaweza kumwambia dada wa Kihehe, ambaye hajawahi kumwona, kwamba amekuja kumchukua kama mateka wake, naye akajibiwa kwa kejeli nzito zaidi. Vuka Tunduma uingie Zambia, utakuta jambo lilelile: Wabemba na Wangoni wa huko nao walipigana, na leo wanataniana mpaka maofisini. Uadui wa mababu umekuwa leseni ya uchokozi wa wajukuu. Na leseni hiyo ina gharama yake, kwa sababu mtani anawajibika pia kufika msibani, kushika kazi na kuwachangamsha wafiwa.

Sasa fikiria Saza, ambako Wabungu wenyeji wanakaa pamoja na Wasukuma, Wanyakyusa na wengine waliofuata dhahabu na malisho. Mtu akikuambia kabila lake, papo hapo unajua kama una ruhusa ya kumchokoza. Kwenye simu ruhusa hiyo haipo. Picha na jina la utani havikuambii kama huyu ni mtani, mkwe au mtoto wa mwalimu wako. Ndiyo maana ucheshi uleule uliochekesha kilabuni unasomeka kama ufedhuli inboksi. Nionavyo mimi, hapa ndipo mitongozo mingi ya simu inapokufa: mtu ametumia kibali ambacho hakupewa.

Wamarekani wana maneno matano tu ya kusifia

Karibu hivyo. Joan Manes na Nessa Wolfson walikusanya sifa 686 kutoka mazungumzo ya kawaida ya Wamarekani na kuchapisha matokeo mwaka 1981. Vivumishi vitano vya kawaida kabisa, vya aina ya "zuri", "nzuri sana" na "mrembo", vilibeba takriban theluthi mbili ya sifa zote zilizotumia vivumishi. Kwa hiyo ukiona "mrembo" imekuwa kama salamu kwenye simu yako, si uvivu wa Watanzania peke yao. Sifa ya watu wengi ni kama chumvi ya dukani, pakiti zote zina ladha moja.

Kusifia uso kulipunguza majibu, kusoma wasifu kukayaongeza

Mwaka 2009 Christian Rudder wa mtandao wa wachumba wa OkCupid, Marekani, alipitia jumbe za kwanza zaidi ya 500,000. Kwa wastani, kama theluthi moja zilijibiwa. Zilizoanza kwa kusifia umbo au sura zilijibiwa chini ya wastani. Zilizotaja kitu mahususi ambacho mwenyewe alikiandika, kama muziki anaoupenda au kazi yake, zilipanda. Na zilizoandikwa kwa vifupisho vya kukata maneno zilianguka vibaya. Ndugu yangu wa "xaxa", "cjui" na "2po pa1", hiyo inakuhusu.

Tuipime kwa mfano wa kwetu. Dada ana picha mbili: moja amevaa jezi ya Yanga, nyingine yuko kwenye meza yake ya mchele pale Tunduma. Ujumbe wa kwanza: "Mambo mrembo, nimekupenda ghafla." Anajibu "Poa", au hajibu. Na ajibu nini? Hakuna swali, na upendo umetangazwa kwa mtu ambaye hata jina hajulikani. Ujumbe wa pili: "Habari za kazi. Nimeona jezi, kwa hiyo sitakuuliza timu. Ila mechi ya Simba mliangalia wapi huko Tunduma? Sisi Saza umeme ulikatika dakika ya sabini." Hapa kuna salamu inayoheshimu kazi yake, uchokozi mdogo unaoigusa timu na kuuacha mwili wake, pamoja na swali ambalo jibu lake analo mdomoni. Sifa ipo, lakini imejificha: nimeangalia, nimekuona wewe na si mtu yeyote tu.

Takwimu zile ni za Wamarekani, tena za mwaka 2009, na kwetu salamu ina uzito ambao kule haina. Ujumbe unaoruka salamu na kuingia moja kwa moja kwenye swali, Mmarekani angeuona mwerevu. Dada wa Songwe ataona umelelewa vibaya.

"Umenenepa" ni ua au ni mwiba

Aliyetoka Saza akakaa miezi Dar es Salaam, akirudi hupokelewa kwa "Umenenepa, umenawiri!" na wote wanaelewa kwamba anasifiwa: maisha yamemkubali. Mwandikie hivyo binti aliyekulia London au Minneapolis, hata kama wazazi wake ni wa Mbeya, na huenda ukazuiliwa namba kabla hujamaliza kucheka. Siku hizi hata wasichana wa mjini wanaokwenda mazoezini wameanza kuipokea kwa macho makali.

Pwani kuna utaratibu wa ziada. Ukimsifia mtu Unguja, Mombasa, au kati ya Waswahili wa Muscat, unatanguliza "Mashallah". Sifa iliyokuja tupu inaweza kuhisiwa kama husuda, jicho baya linalomwangalia mtu au mtoto wake. Maneno yawe matamu kiasi gani, bila hilo anayesifiwa hatulii.

Mjini Xi'an sifa zilikataliwa kwa asilimia 96

Mtafiti Rong Chen aliwauliza wakazi wa Xi'an, China, wangejibu nini wakisifiwa. Katika matokeo ya mwaka 1993, karibu majibu yote, asilimia 96 hivi, yalikuwa ya kukana: hapana, si mzuri hivyo, nguo ni ya zamani. Kati ya Wamarekani aliowalinganisha nao, ni wachache tu waliokana. Chen aliporudia utafiti na mwenzake Dafu Yang, mjini hapohapo, matokeo yaliyotoka mwaka 2010 yaligeuka: wengi sasa walipokea sifa. Haikufika miaka ishirini, na adabu ya mji mzima ilikuwa imebadilika.

Sisi tuko katikati ya hayo. Dada akiambiwa amependeza anaweza kujibu "Mwongo wewe!" au "Acha fiksi zako", na hajakataa kitu. Anaichezea sifa tu. Utajuaje? Angalia kinachofuata. Kama baada ya "mwongo wewe" anauliza swali, anatuma kicheko, au anarudi mwenyewe saa mbili baadaye na "umeshakula?", mlango uko wazi. Kama "asante" imekuja peke yake, fupi, na kila mara unaanza wewe, hiyo "asante" ni ya heshima tu.

Hata ana kwa ana watu hawaoni kwamba wanatongozwa

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas na wenzake waliwaweka watu wawili wawili wasiofahamiana kuzungumza kwa dakika kama kumi, kisha wakamuuliza kila mmoja kama alitongoza na kama alitongozwa. Matokeo ya mwaka 2014: asiyetongoza alitambuliwa sawasawa zaidi ya mara nane katika kumi, lakini aliyetongoza kweli alitambuliwa kwa asilimia 28 tu. Na hao walikuwa wanaonana macho! Kwenye meseji, ambako hakuna sauti wala tabasamu, fumbo lako zuri linaweza kupita kama habari ya hali ya hewa.

Lakini fumbo lina faida ambayo bibi zetu waliijua. Kanga yenye maandishi imekuwa ikituma ujumbe tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanamke anajifunga, anapita mbele ya anayemlenga, na mwenye kuelewa anaelewa. Asipopendezwa hakuna aliyeaibika: huyu amevaa nguo tu.

Ung'ang'anizi una bei, nayo imeandikwa

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza hisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote kwa pamoja. Salamu moja yenye ucheshi haimpeleki mtu mahakamani. Jumbe thelathini usiku mmoja kwa mtu aliyekwishasema hataki, zikiwa na vitisho ndani yake, zinaweza. Kwa hiyo akishakuambia basi, au tiki zikageuka bluu mara mbili bila jibu, mwache apumzike.